Mizizi Bandia katika Milinganyo ya Logi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unashughulikia jambo moja tu: unapomaliza kukokotoa mlinganyo wenye logi na kupata thamani mbili za x, utajuaje ipi ni jibu na ipi inapaswa kukataliwa. Maswali haya ni yale ninayoulizwa na wanafunzi wa sekondari ninaowafundisha, na mara nyingine na wazazi wanaokagua madaftari ya watoto wao jioni. Sehemu kubwa ya majibu inarudi kwenye mlinganyo mmoja, nao ni huu:

log₂(x + 1) + log₂(x − 1) = 3

Namba ndogo iliyo chini ya logi, yaani 2, nitaiita kitako. Kinachoandikwa ndani ya mabano nitakiita namba ya ndani. Thamani ya x inayopatikana mwishoni mwa ukokotoaji nitaiita mzizi, hata kama bado hatujajua iwapo ni jibu la kweli.

Mlinganyo huu unakokotolewa vipi, na mzizi wa kukataliwa unatokea wapi?

Logi mbili zenye kitako kimoja zinapojumlishwa, namba zao za ndani huzidishwa. Kwa hiyo tunaandika:

log₂[(x + 1)(x − 1)] = 3

Logi ya namba fulani kwa kitako 2 ikiwa ni 3, namba hiyo ni 2³, yaani 8. Hivyo:

(x + 1)(x − 1) = 8
x² − 1 = 8
x² = 9
x = 3 au x = −3

Wanafunzi wengi huishia hapa, wakapiga mstari mara mbili chini ya majibu na kufunua ukurasa unaofuata. Turudishe kila mzizi kwenye mlinganyo wa mwanzo. Tukiweka 3 mahali pa x, namba za ndani ni 4 na 2. Logi ya 4 kwa kitako 2 ni 2, na logi ya 2 ni 1, na jumla yake ni 3 kama ilivyotakiwa. Tukiweka −3, namba za ndani zinakuwa −2 na −4, na hapo tunatakiwa kujumlisha log₂(−2) na log₂(−4). Vitu hivyo viwili havipo katika namba halisi, kwa hiyo hakuna cha kujumlisha. Mzizi −3 unakataliwa, na jibu ni x = 3 peke yake.

Kwa nini log₂(−2) haipo? Si inaweza kuwa namba fulani hasi?

Kuuliza thamani ya log₂(−2) ni kuuliza 2 ipewe kipeo gani ili itoe −2. Jaribu mwenyewe. Kipeo 3 kinatoa 8, kipeo 1 kinatoa 2, kipeo 0 kinatoa 1. Ukishuka chini ya sifuri, kipeo −1 kinatoa nusu, −2 kinatoa robo, −3 kinatoa moja ya nane. Kila unaposhuka hatua moja unagawa kwa mbili, na nusu ya namba chanya ni namba chanya siku zote, hata ikiwa ndogo kiasi gani. Unakaribia sifuri bila kuifikia, sembuse kuivuka kwenda upande wa hasi. Kwa sababu hiyo namba ya ndani haiwezi kuwa hasi, na haiwezi kuwa sifuri pia. Sifuri husahaulika mara nyingi, kwa hiyo alama sahihi ni ile ya kubwa kuliko sifuri, wala si ya kubwa kuliko au sawa na sifuri.

Kama kila hatua ilikuwa sahihi, −3 imepenya wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza ameacha kukariri na ameanza kufikiri. Imepenya kwenye hatua ya kwanza kabisa, pale logi mbili zilipogeuzwa kuwa moja.

Tazama namba zenyewe. Kwa x = −3, namba za ndani ni −2 na −4. Kila moja peke yake ni hasi, lakini zikizidishwa zinatoa 8, ambayo ni chanya. Kabla ya hatua ile, kila namba ilipaswa kujibu yenyewe kama ni chanya au la. Baada ya hatua ile, anayeulizwa ni zao lao peke yake, na hasi mara hasi imeficha kasoro ya zote mbili. Mlinganyo log₂[(x + 1)(x − 1)] = 3 unaikubali −3 kwa haki kabisa, kwa kuwa log₂8 ni 3. Ila huo si mlinganyo tulioulizwa.

Tunaweza kulisema jambo hilo kwa mipaka ya x. Mlinganyo wa mwanzo unataka x + 1 iwe kubwa kuliko sifuri na x − 1 iwe kubwa kuliko sifuri, na masharti hayo mawili yanatimia pamoja pale tu x inapozidi 1. Mlinganyo uliounganishwa unataka x² − 1 iwe kubwa kuliko sifuri, jambo linalotimia x inapozidi 1, na pia x inapokuwa chini ya −1. Uwanja umepanuka: kipande kizima cha mstari wa namba, upande wa kushoto wa −1, kimeongezwa bila sisi kukitaja, na −3 iko ndani ya kipande hicho.

Kwa hiyo kumkuta mwanafunzi na x = −3 hakumaanishi kwamba amekosea hesabu. Sheria ya kuunganisha logi inasema kwamba log₂A + log₂B ni sawa na log₂(AB) endapo A na B zote ni chanya, na sharti hilo ndilo linaloachwa nje tunapoikariri sheria. Mzizi unaozaliwa kwa njia hiyo ndio ninaouita mzizi bandia: umetokana na hatua halali za aljebra, lakini hauutoshelezi mlinganyo ulioulizwa.

Kikoa ni nini, na kinatafutwaje?

Kikoa cha mlinganyo ni fungu la thamani zote za x ambazo kila kitu kilichoandikwa katika mlinganyo huo kinakuwa na maana. Kwa milinganyo ya logi, unachukua kila logi peke yake, unaandika kwamba namba yake ya ndani ni kubwa kuliko sifuri, kisha unatafuta mahali ambapo masharti yote yanatimia kwa pamoja.

Kwa mfano wetu, sharti la kwanza ni x > −1 na la pili ni x > 1. Thamani kama 0.5 inatimiza la kwanza na kulivunja la pili, kwa hiyo haifai. Zinazotimiza yote mawili ni zile zilizozidi 1, basi kikoa ni x > 1. Ukichora mstari wa namba na kutia kivuli masharti yote mawili, kikoa ni pale vivuli vinapopandana.

Jambo la kusisitiza ni wakati wa kulifanya. Kikoa hutafutwa kwenye mlinganyo kama ulivyoandikwa katika swali, kabla hujagusa chochote. Ukisubiri uunganishe logi kwanza ndipo utafute kikoa, utakuwa unakitafuta kwenye uwanja uliokwisha kupanuka, na −3 itapita bila kuulizwa.

Je, inatosha kukumbuka kwamba jibu hasi hukataliwa?

Hapana, na kanuni hiyo inawagharimu wanafunzi alama nyingi kuliko kutokuwa na kanuni yoyote. Kinachokataliwa ni namba ya ndani ikiwa hasi au sifuri. Ishara ya x yenyewe haina neno. Chukua mlinganyo huu:

log₂(3 − x) + log₂(1 − x) = 3

Kikoa kwanza. Sharti 3 − x > 0 linatupa x < 3, na sharti 1 − x > 0 linatupa x < 1. Yote mawili yanatimia x ikiwa chini ya 1. Sasa tunaunganisha:

(3 − x)(1 − x) = 8
x² − 4x + 3 = 8
x² − 4x − 5 = 0
(x − 5)(x + 1) = 0
x = 5 au x = −1

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimfundisha nyakati za jioni aliufikia mstari huu wa mwisho, akaifuta −1 kwa mkupuo mmoja wa kalamu na kuandika kwamba jibu ni 5. Nilimwomba aweke 5 kwenye mlinganyo wa mwanzo, akapata log₂(−2) na log₂(−4). Nikamwomba aweke −1 aliyoifuta. Namba za ndani zikawa 4 na 2, logi zake zikawa 2 na 1, jumla ikawa 3. Alikaa kimya akiitazama ile namba iliyofutwa. Alikuwa amelitupa jibu na kulibakiza bandia, kwa sababu tu mmoja ulikuwa na alama ya kutoa mbele yake.

Namba hasi inaweza kuwa jibu sahihi kabisa, na namba chanya inaweza kuwa nje ya kikoa. Mfano huu unazo zote mbili.

Na kama ni logi yenyewe iliyotoka hasi?

Hilo ni jambo jingine, na linachanganywa sana na lililotangulia. Namba ya ndani ni lazima iwe chanya, lakini thamani ya logi inaweza kuwa hasi, sifuri au chanya bila kizuizi chochote. Tatizo hujitokeza hasa katika milinganyo ya namna hii:

(log₂x)² − log₂x − 6 = 0

Ili kurahisisha, tunaiita log₂x herufi y, nasi tunapata y² − y − 6 = 0, yaani (y − 3)(y + 2) = 0. Hivyo y = 3 au y = −2. Hapa wengi huikata −2 papo hapo, wakisema kwamba logi haikubali namba hasi. Lakini y si namba ya ndani. Herufi y ni logi yenyewe, na log₂x = −2 maana yake ni x = 2⁻², yaani robo. Kikoa cha mlinganyo huu ni x > 0, na robo imo. Ukiirudisha, (−2)² − (−2) − 6 ni 4 + 2 − 6, ambayo ni sifuri. Majibu ni mawili, 8 na ¼, na hakuna la kukataliwa.

Ukitumia herufi mpya kama y, usifanye uamuzi wowote wa kikoa mpaka urudi kwenye x.

Inawezekana mizizi yote ikubaliwe, au yote ikataliwe?

Ndiyo. Mlinganyo log₂x + log₂(6 − x) = 3 una kikoa cha x iliyo kati ya 0 na 6, na unatoa x² − 6x + 8 = 0, ambayo mizizi yake ni 2 na 4. Yote miwili imo ndani ya kikoa na yote ni majibu. Kwa upande mwingine, log₁₀(x − 3) = log₁₀(2x − 1) unataka x izidi 3, lakini ukokotoaji unatoa x = −2 peke yake. Hapo jibu ni kuandika kwamba mlinganyo hauna suluhisho. Mwanafunzi asiogope kuandika hivyo, wala asirudi kutafuta kosa lisilokuwepo.

Nimeelewa kwamba jibu bandia linaweza kuongezeka. Je, jibu la kweli linaweza kupotea?

Linaweza, na hasara hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu uhakiki wa mwishoni hauioni. Mzizi bandia unajitokeza kwenye karatasi na unaweza kuukagua, lakini jibu lililopotea halipo popote la kukaguliwa.

Tuseme umeulizwa:

log₃[(x − 4)²] = 2

Kishawishi cha kwanza ni kukishusha kipeo mbele na kuandika 2 log₃(x − 4) = 2, kisha log₃(x − 4) = 1, kisha x − 4 = 3, na jibu x = 7. Ukilirudisha linakubali, na unaridhika. Lakini jaribu x = 1. Ndani ya mabano kuna −3, mraba wake ni 9, na log₃9 ni 2. Kwa hiyo 1 nayo ni jibu, na tumeipoteza.

Safari hii uwanja ulipungua badala ya kupanuka. Katika swali la asili namba ya ndani ni (x − 4)², ambayo ni chanya kwa kila x isipokuwa 4. Baada ya kukishusha kipeo, namba ya ndani ikawa x − 4, ambayo ni chanya pale tu x inapozidi 4. Thamani zote zilizo chini ya 4 zilifungiwa nje katika hatua hiyo, na 1 ilikuwa miongoni mwao. Njia salama ni kuacha mraba mahali pake na kuandika (x − 4)² = 9, hivyo x − 4 = 3 au x − 4 = −3, na majibu ni 7 na 1.

Ndiyo sababu ninawataka wanafunzi waandike kikoa mwanzoni. Aliyeandika kwamba x ni yoyote isipokuwa 4, kisha akajikuta na mstari unaoitaka x izidi 4, ana nafasi ya kugundua kwamba kuna kitu kimekatwa njiani.

Nifanye nini x ikiwa kwenye kitako?

Masharti yanaongezeka. Kitako ni lazima kiwe chanya na kisiwe 1. Kisiwe 1 kwa sababu 1 ikipewa kipeo chochote inabaki 1, kwa hiyo haiwezi kutoa namba nyingine yoyote. Tazama:

logₓ(3x − 2) = 2

Mlinganyo huu unageuka kuwa x² = 3x − 2, yaani x² − 3x + 2 = 0, na mizizi ni 1 na 2. Kwa x = 2 tunapata log₂4, ambayo ni 2, na jibu linakubaliwa. Kwa x = 1 namba ya ndani ni 1, ambayo ni chanya na haina kasoro, lakini kitako nacho ni 1. Mzizi huo unakataliwa kwa sababu ya kitako peke yake. Anayekagua namba za ndani tu ataupitisha.

Mzizi wenye kipeuo cha pili ninauhakiki vipi bila kuteseka na desimali?

Chukua log₂x + log₂(x − 2) = 2. Kikoa ni x > 2. Ukokotoaji unatoa x² − 2x − 4 = 0, na mizizi yake ni 1 + √5 na 1 − √5. Kwa kuwa √5 ni takriban 2.236, wa kwanza ni takriban 3.236 na wa pili ni takriban −1.236. Kwa ajili ya kikoa, makadirio haya yanatosha kabisa, kwani unachotaka kujua ni kama mzizi unazidi 2 au hauzidi. Wa kwanza unakubaliwa, wa pili unakataliwa.

Kwa kurudisha, usitumie 3.236, kwa sababu utapata namba iliyo karibu na 2 na utabaki na mashaka kama tofauti hiyo ndogo ni kosa au ni makadirio. Tumia mzizi wenyewe. Namba za ndani ni √5 + 1 na √5 − 1, na zao lao ni 5 − 1, yaani 4. Zote mbili ni chanya, na log₂4 ni 2.

Kuangalia kikoa kunatosha, au ni lazima pia nirudishe mzizi kwenye mlinganyo?

Ikiwa ulichofanya ni kuunganisha logi, kuondoa logi na kukokotoa mlinganyo uliobaki, kikoa kinatosha. Ndani ya kikoa kila hatua kati ya hizo inaweza kurudiwa kinyumenyume bila kuharibu kitu, kwa hiyo mzizi uliomo ndani ya kikoa ni jibu, mradi hukukosea hesabu. Kurudisha mzizi kunabaki na faida yake ya kukamata makosa ya ishara na ya kuzidisha.

Hali inabadilika pale unapotia mraba pande zote mbili. Kwa mfano:

√(log₂x) = log₂x − 2

Tukiita log₂x herufi y na kutia mraba pande zote, tunapata y = y² − 4y + 4, yaani y² − 5y + 4 = 0, hivyo y = 1 au y = 4, na x = 2 au x = 16. Kikoa kinataka log₂x isiwe chini ya sifuri, yaani x iwe 1 au zaidi, na mizizi yote miwili imo. Lakini ukirudisha 2, upande wa kushoto ni 1 na wa kulia ni 1 − 2, ambayo ni −1. Pande hazilingani. Kwa 16, kushoto ni 2 na kulia ni 2. Hapa mzizi bandia ulitokana na mraba, na kikoa peke yake hakikuweza kuukamata. Ukitia mraba popote, kurudisha si hiari tena.

Kikokotoo kinaweza kunihakikishia?

Kinaweza, ukikiuliza swali lililo sahihi. Ukiandika logi ya −2 kwenye kikokotoo cha kawaida cha sayansi, vingi huonyesha `Math ERROR`, na huo ni ushahidi wa kutosha wa kumkatalia −3. Mtego ni kuingiza ule mstari uliounganishwa. Ukikokotoa logi ya (−3)² − 1 kwa kitako 2, kikokotoo kitakupa 3 bila kusita, kwa sababu umekipa 8. Unachohakiki kiwe mlinganyo wa swali, logi moja baada ya nyingine. Usisahau pia mabano kwenye namba hasi: vikokotoo vingi husoma −3² kuwa −9.

Nimesikia kwamba logi za namba hasi zipo katika hisabati ya juu. Je, −3 inaokolewa huko?

Zipo, na historia yake inahusiana moja kwa moja na mfano wetu. Mwaka 1712 na 1713, wanahisabati Leibniz na Johann Bernoulli walibishana kwa barua juu ya jambo hili. Bernoulli alishikilia kwamba logi ya namba hasi ni sawa na logi ya namba chanya inayolingana nayo. Lau angekuwa sahihi, log₂(−2) ingekuwa 1, log₂(−4) ingekuwa 2, jumla ingekuwa 3, na −3 ingekuwa jibu halali. Leibniz alikataa. Mwanahisabati Euler ndiye aliyeumaliza mgogoro katika miaka ya 1740, alipoonyesha kwamba logi ya namba hasi ni namba changamano, yaani namba yenye kipande halisi na kipande cha kufikirika, na kwamba kila namba isipokuwa sifuri ina logi nyingi zisizo na ukomo.

Tukichukua thamani kuu, yaani ile moja inayochaguliwa kwa kawaida kati ya logi hizo nyingi, log₂(−2) ni 1 na kipande cha namba ya kufikirika, na log₂(−4) ni 2 na kipande kilekile. Jumla inakuwa 3 + 9.06i kwa makadirio, si 3. Kwa hiyo hata huko, kwa thamani kuu, −3 haiutoshelezi mlinganyo wetu. Katika masomo ya sekondari x ni namba halisi, na hoja hii haihitajiki kwenye karatasi ya majibu.

Kwenye mtihani niandike nini hasa?

Andika kikoa juu, na sababu ya kukataa chini. Kufuta mzizi kwa kalamu bila neno lolote hakumwonyeshi msahihishaji kwamba ulijua sababu. Kwa mlinganyo tulioanza nao, mistari hii inatosha:

Kikoa: x + 1 > 0 na x − 1 > 0, hivyo x > 1.
Kutokana na ukokotoaji, x = 3 au x = −3.
Kwa x = −3, x − 1 = −4 na log₂(−4) haipo, kwa hiyo x = −3 inakataliwa.
Kwa x = 3, log₂4 + log₂2 = 2 + 1 = 3.
Jibu: x = 3.